Siku ya 14, ya 21 au ya 28: lini utoe mirunda chini ya slabu, na lini uibebeshe mzigo

Slabu ikishamwagwa, mwenye nyumba anataka kujua tarehe. Fundi naye anaitaka, maana mbao na mirunda anaihitaji kwingine. Jibu lililozoeleka ni "siku 28", na hutumika kwa kila kitu: kutoa mbao, kutoa mirunda, kupandisha matofali, hata kumwaga ghorofa inayofuata. Kwa baadhi ya kazi hizo siku 28 ni nyingi kuliko zinazohitajika. Kwa nyingine hazitoshi kabisa. Ndiyo maana naona ni bora kuziweka tarehe bega kwa bega na kuuliza, kwa kila moja, slabu inabeba nini siku hiyo na ina nguvu kiasi gani ya kukibeba.

Tuchukue slabu moja tu na tuishike mpaka mwisho. Ni ya ghorofa ya kwanza ya nyumba ya kuishi, unene sentimita 15, na kutoka bimu hadi bimu ni mita 4. Mchoro unataka zege la nguvu 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Imemwagwa Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, kazi ikaisha jioni ileile.

Kwanza tarehe zenyewe

Siku ya kumwaga ni sifuri. Kesho yake jioni ndipo zege linatimiza siku moja. Kwa hiyo siku 28 za slabu yetu zinatimia Jumatano, 2 Julai 2025, jioni. Kwa kuwa 28 ni wiki 4 kamili, tarehe sahihi huangukia siku ileile ya wiki uliyomwaga. Ukiona umemwaga Jumatano na hesabu inakuambia Jumanne au Alhamisi, umekosea mahali, mara nyingi kwa kuihesabu siku ya kumwaga kuwa ya kwanza. Kwenye jedwali la kompyuta, tarehe ya kumwaga ikiwa kisanduku A2, andika hivi:

```
=A2+28
```

Usiseme "mwezi mmoja". Kutoka 4 Juni hadi 4 Julai ni siku 30, na mwezi mwingine utakupa 31 au 28. Na kama slabu ilimwagwa kwa siku mbili, hesabu inaanzia siku ya pili, kwa sehemu yote inayoshikiliwa na mirunda ileile.

Siku ya 28 inamaanisha nini

Hiyo 28 ni umri wa kupimia. Wakati wa kumwaga, zege kidogo hutiwa kwenye vikasha vya mchemraba wenye pande za sentimita 15, na michemraba hiyo ikifikisha siku 28 huvunjwa kwa mashine. Nguvu 25 kwenye mchoro ni nguvu inayotarajiwa siku hiyo. Zege halikuwa maji siku ya 27, wala haligeuki jiwe siku ya 28. Hupanda kwa kasi wiki ya kwanza, kisha polepole, na likiwa na unyevu huendelea kupanda taratibu hata baadaye.

Kasi hiyo inategemea saruji, na hapa ndipo watu wengi wanapitwa. Tazama mfuko. Ukiandikwa 32.5N, hiyo ni saruji ya mwendo wa pole. 42.5N inakwenda haraka zaidi, na 42.5R inaipita hiyo. Kanuni za Ulaya za usanifu wa zege zina hesabu ya kukadiria nguvu ya kila umri ukilinganisha na ya siku 28, kwa zege lililotunzwa na unyevu kwenye joto la nyuzi 20. Kwa slabu yetu inatoa picha hii:

| Umri | Tarehe | Saruji 32.5N | Saruji 42.5N |
|---|---|---|---|
| Siku 7 | Jumatano 11 Juni | asilimia 68 | asilimia 78 |
| Siku 14 | Jumatano 18 Juni | asilimia 85 | asilimia 90 |
| Siku 21 | Jumatano 25 Juni | asilimia 94 | asilimia 96 |
| Siku 28 | Jumatano 2 Julai | 100 | 100 |

Soma jedwali hilo kwa makini: ni asilimia ya nguvu ambayo zege lako litafikia, si ya nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro. Kama maji yalizidi kwenye mchanganyiko na zege lako litaishia 18 badala ya 25, asilimia 85 yake ni 15 tu. Nitalirudia hili, maana ndilo linaloamua kati ya siku ya 14 na ya 21.

Slabu inabeba nini mirunda ikitoka

Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Kwa unene wa sentimita 15, kila mita ya mraba ya slabu yetu ina kilo 375 za uzito wake yenyewe. Mhandisi alipoisanifu aliongeza, tuseme, kilo 120 za sakafu na plasta, kilo 100 za kuta nyepesi za kugawa vyumba, na kilo 150 za watu na samani. Jumla ni kilo 745 kwa kila mita ya mraba. Huo ndio mzigo wa maisha ya kawaida ya slabu hii.

Siku mirunda inapotoka, hakuna sakafu, kuta wala samani. Kuna kilo 375 za slabu na, tukiweka akiba ya mafundi na vifaa vyao, kilo 100 hivi. Jumla 475, yaani asilimia 64 ya 745. Kanuni rahisi na salama ni kwamba sehemu ya nguvu iliyokwisha kupatikana isiwe ndogo kuliko sehemu ya mzigo. Ni kweli nondo ndizo zinazobeba mvuto upande wa chini, na usanifu una akiba yake. Lakini jinsi nondo zinavyong'ang'aniwa na zege, na jinsi slabu inavyokataa kupinda, ni kazi ya zege lenyewe. Akiba ya usanifu imewekwa kwa ajili ya miaka ijayo, isiliwe kwenye wiki ya pili.

Siku ya 14 dhidi ya siku ya 21

Kwa vitabu vya kanuni, siku 14 ni nyingi. Kiwango cha India, IS 456, kinaruhusu mirunda ya slabu isiyozidi mita 4.5 itoke baada ya siku 7. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 8110, kilisema siku 10 kwa mirunda ya slabu ikiwa joto la uso wa zege ni nyuzi 16 au zaidi. Kwenye baridi, gawanya 250 kwa joto ukilijumlishia 10. Joto la wastani likiwa nyuzi 10, hesabu hiyo inakupa siku 12 na nusu. Kwa hiyo anayesema siku ya 14 si mzembe. Ana mahali pa kusimamia.

Ila viwango hivyo vinachukulia kwamba saruji ni ya kawaida isiyo ya pole, na kwamba zege ni lile la kwenye mchoro. Turudi kwenye slabu yetu. Ikiwa zege ni 25 kweli na saruji ni 42.5N, siku ya 14 lina asilimia 90 wakati mzigo ni asilimia 64. Nafasi ni kubwa, na kungoja hadi siku ya 21 kutakuongezea asilimia 6 tu. Hapo ningetoa mirunda Jumatano ya 18 Juni bila wasiwasi.

Sasa badilisha mambo mawili yanayotokea kila mara: saruji ni 32.5N, na zege lilichanganywa kwa ndoo bila kipimo, hivyo litaishia 18. Siku ya 14 lina 15.3, ambayo ni asilimia 61 ya ile 25 ya mchoro. Mzigo ni asilimia 64. Umeshazidisha, ingawa slabu haitaanguka mbele yako. Siku ya 21 lina karibu 17, yaani asilimia 68, na mzigo unaingia, kwa shida lakini unaingia. Wiki hiyo moja imeokoa slabu ambayo hakuna aliyejua ni dhaifu.

Kwa hiyo uchaguzi kati ya tarehe hizi mbili si suala la uvumilivu, ni suala la unachokijua. Ukiwa na saruji ya 42.5, kipimo cha maji kilichosimamiwa, na michemraba iliyovunjwa siku ya 7 ikatoa majibu mazuri, chukua siku ya 14. Ukiwa na 32.5N, au huna jibu la michemraba, chukua siku ya 21. Na usipojua hata saruji ilikuwa ipi, subiri 28.

Nikitaja michemraba nina maana ya iliyokaa kando ya slabu, juani na usiku kama slabu yenyewe. Michemraba iliyolazwa kwenye maji ya maabara yenye joto la kudumu inakuambia zege lingeweza kufika wapi. Ya kando ya slabu inakuambia slabu iko wapi leo.

Vipi kuhusu mbao, na mirunda ibaki?

Hili ni chaguo la kati na wengi wanalipenda, kwa sababu mbao na mabodi ni mali. BS 8110 kiliruhusu mbao za chini ya slabu zitoke siku ya 4 mirunda ikiwa imebaki. Sharti ni hilo: mirunda imebaki. Fomu iliyofungwa ili mbao zichomolewe bila kugusa mirunda inafaa. Kinachofanyika mara nyingi ni kingine: mirunda yote inaangushwa, mbao zinatolewa, kisha mirunda inarudishwa na kugongewa kabari. Kwa saa kadhaa slabu changa imejibeba yenyewe, na imeshakaa kwenye mkunjo wake mpya. Mirunda iliyorudi haiwezi kuubeba uzito ambao slabu imekwisha kuuchukua. Hiyo si kuacha mirunda, ni kuitoa siku ya 4.

Kuna kosa jingine hapo hapo. Baada ya kutoa yote, mtu huacha mrunda mmoja katikati ya chumba "kwa usalama" na kuukaza kwa kabari. Mrunda huo unageuka egemeo. Slabu inaanza kupinda kuelekea juu pale juu yake, na upande wa juu katikati ya chumba hakuna nondo za kutosha, kwa sababu hakuna aliyesanifu egemeo mahali hapo. Ufa unatokea juu, unaokatiza sawa na mstari wa mrunda.

Siku ya 28 na mzigo wa matofali

Kutoa mirunda ni jambo moja, kubebesha ni jingine, na hapa siku ya 28 ndiyo ninayoishikilia. Slabu iliyobebeshwa changa haijipindi mara moja tu. Inaendelea kupinda polepole kwa miezi na miaka chini ya mzigo wa kudumu, na kadiri ilivyobebeshwa mapema ndivyo mkunjo huo unavyokuwa mkubwa. Utauona baadaye: ukuta wa kugawa vyumba uliojengwa juu yake unapasuka mshazari, mlango unagusa fremu, vigae vinaachia katikati ya chumba.

Hata ikishafika 2 Julai, si kila mzigo unaruhusiwa. Kati ya zile kilo 745, slabu yenyewe ni 375. Zinabaki 370 kwa kila mita ya mraba. Tofali la saruji lisilo na tundu lina uzito wa takriban kilo 2,000 kwa mita ya ujazo. Safu moja ya matofali yaliyolazwa yenye unene wa sentimita 15 ni kilo 300 kwa mita ya mraba, inaingia kwenye 370. Safu mbili ni 600, hazimo. Rundo lililopangwa hadi kiunoni linakaribia tani 2 kwa mita ya mraba, na hilo hakuna tarehe ya kalenda inayoliruhusu katikati ya chumba. Mifuko 10 ya saruji iliyolundikwa mmoja juu ya mwingine inaleta mzigo wa aina hiyohiyo. Vifaa vitawanywe safu moja, au vipangwe juu ya bimu na kuta.

Ukibebesha siku ya 14 kwa zege la 32.5N, hata likiwa ni 25 kamili, asilimia 85 ya 745 ni kilo 633. Toa 375, zinabaki 258. Ile safu moja ya matofali haiingii tena. Matofali yanayotakiwa kwa kazi ya siku hiyo, yakipandishwa kwa toroli na kuwekwa pembeni, yanavumilika. Akiba ya wiki nzima hapana.

Ghorofa ya juu

Huu ndio mzigo ambao siku 28 hazitoshi. Slabu ya pili ikimwagwa juu, zege bichi lina kilo 375 kwa mita ya mraba, mbao na mirunda yake 50, watu na toroli 150. Jumla 575, na yote yanashuka kupitia mirunda hadi kwenye slabu ya kwanza, ambayo ina 375 zake. Zinakuwa kilo 950 dhidi ya 745 ilizosanifiwa. Ni asilimia 128, kwenye slabu iliyokomaa kabisa.

Dawa yake si kungoja hadi siku ya 40, kwa sababu tatizo si umri wa zege tena. Dawa ni mirunda chini ya slabu ya kwanza, iliyosimama sambamba na ile ya juu yake, ikishuka hadi ardhini, ili sehemu kubwa ya mzigo mpya ipite bila kuipinda. Kwa hiyo kama unajua utaendelea juu mapema, linganisha upya: kutoa mirunda siku ya 14 kisha kuirudisha ni kazi mara mbili. Afadhali uiache ilipo tangu mwanzo.

Mahali pa kutosikiliza siku ya 14 wala ya 21

Kibaraza kinachochomoza nje ya ukuta kisiguswe kabla ya siku 28, na kabla ya hapo hakikisha ukuta au slabu inayokikalia kwa nyuma imeshajengwa kama mchoro unavyotaka. Hakina pa kuegemea pengine kikishindwa. Mirunda yake hutolewa kuanzia ncha ya nje kurudi ukutani. Kwenye slabu ya kawaida ni kinyume: unaanzia katikati kuelekea kwenye bimu, na mirunda ya bimu inatoka mwisho. BS 8110 kiliipa mirunda ya bimu siku 14 pale ambapo mirunda ya slabu ilipewa 10.

Siku zisizohesabika

Kalenda inasonga hata zege likiwa limesimama. Zege lililokauka siku ya 3 kwa sababu maji yalikatika halipandi tena kama jedwali linavyosema. Ukirudisha maji linaamka kidogo, lakini halifidii yote. Mwagilia siku 7 mfululizo angalau, na 14 kwa saruji ya 32.5N, na uso usikauke katikati. Magunia yaliyoloa au nailoni vinashikilia unyevu vizuri kuliko ndoo ya asubuhi na ya jioni. Dalili za slabu iliyokauka ni uso mweupe unaoacha vumbi kwenye kiganja, nyufa nyembamba kama nywele, na mchoro unaobaki ukikwaruza kwa ncha ya msumari. Ukiona hizo, iondoe siku ya 14 kwenye hesabu zako. Nenda kwa mhandisi upime, au subiri 28 kisha utoe kwa uangalifu.

Siku ya kutoa yenyewe

Tarehe yoyote utakayochagua, kabla ya kulegeza kitu funga uzi chini ya slabu kutoka bimu hadi bimu, ukiwa umevutwa sawasawa, na pima pengo kati ya uzi na slabu katikati ya chumba. Andika namba. Legeza mirunda ya katikati kidogo kidogo, kabari kwa kabari au jeki kwa nusu mzunguko, bila kuitoa. Iache hivyo, pima tena, halafu endelea na safu zinazofuata. Kwa slabu ya mita 4, kushuka milimita 2 au 3 wakati wa kulegeza ni kawaida. Mirunda inayokataa kulegea ingawa umeshaigonga inakuambia slabu bado imeilalia. Namba inayoendelea kukua kila ukipima, au ufa unaofunguka chini katikati ya chumba, maana yake ni moja: kaza kabari zote zilivyokuwa, usirundike chochote juu, na mwite mhandisi aione kabla mrunda mwingine haujaguswa.